Memo ya posho mpya imetoka na watu bado wanauliza: dalili, chanzo na jinsi ya kuirekebisha

Kama umetoa memo ya kubadilisha posho ya safari halafu simu ya mhasibu haitulii, usikimbilie kusema wafanyakazi hawasomi. Memo ya hela inasomwa kuliko karatasi nyingine yoyote ofisini, watu wanaisoma hadi kwenye kona. Shida ni kwamba wanaisoma wanatafuta majibu matatu tu, nalipwa shilingi ngapi, mimi nimo au simo, na inaanza na safari ipi, wakiyakosa ndo wanapiga simu.

Tuchukulie mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Asasi ina ofisi kuu Mtwara mjini, vituo viko Lindi, Masasi na Newala. Viwango nitakavyoandika ni vya mfano, weka vya kwenu. Memo yenyewe imetoka hivi:

"YAH: MAREKEBISHO YA POSHO YA KUJIKIMU. Rejea kichwa cha habari hapo juu. Menejimenti katika kikao chake imeridhia kuboresha viwango vya posho kwa kuzingatia hali ya uchumi. Watumishi wote wanaosafiri nje ya kituo cha kazi watalipwa kwa mujibu wa madaraja yao kama ilivyoambatishwa. Viwango hivi vitaanza kutumika mara moja. Nawatakia kazi njema."

Isome kama wewe ni dereva unaondoka kesho alfajiri kwenda Liwale. Umeambiwa nini hapo? Kwamba kuna kikao kilikaa. Basi.

Dalili ya 1: "Samahani bosi, kwani mimi napata ngapi?"

Hii ndo inakuja ya kwanza na inakuja kwa wingi. Chanzo kinachoongoza ni kwamba namba ziko kwenye kiambatisho na kiambatisho hakijafika. Mtu wa Masasi hakuisoma memo kwenye imeili, aliiona kwenye grupu la wasapu ambako kuna mwenzake kapiga picha ukurasa wa kwanza akarusha, ukurasa wa pili ukabaki mezani Mtwara. Kabla hujabadilisha neno lolote ingia kwenye grupu uangalie ni kitu gani hasa kinazunguka, ukikuta ni picha ya ukurasa mmoja usio na namba jibu unalo. Dawa ni namba kukaa ukurasa wa kwanza, juu, kabla ya maneno ya kikao. Hali ya uchumi inaweza kukaa chini au isikae kabisa, hakuna aliyewahi kupinga nyongeza kwa sababu haikuelezwa inflesheni.

Chanzo cha pili ni madaraja. "Daraja B" analijua mtu wa rasilimali watu na labda mhasibu, dereva anajua yeye ni dereva. Kagua kirahisi tu, muulize mtu wa mapokezi yuko daraja gani, akisita hata kidogo futa madaraja kwenye memo uandike vyeo vinavyoitwa kila siku: mameneja na maofisa, halafu madereva na wasaidizi.

Cha tatu kinaonekana kidogo lakini kinagharimu sana. Namba imeandikwa peke yake, 100,000, bila kusema ni kwa usiku au kwa siku. Mtu akiondoka Jumapili akarudi Alhamisi amelala mara nne lakini amekuwa njiani siku tano, kwa hiyo mmoja anadai 400,000 mwingine 500,000 na wote wawili wameisoma memo sawasawa. Andika "kwa kila usiku unaolala nje". Na useme humo ndani kuna nini: kama 100,000 inabeba gesti, chakula na usafiri wa ndani ya mji, sema hivyo, maana usiposema kuna atakayechukua posho nzima halafu akaleta na risiti ya gesti alipwe tena, na siyo mwizi, ameona hakuna palipokatazwa.

Cha mwisho, kiwango cha zamani hakipo pembeni ya kipya. Watu hawaikumbuki ile ya zamani vizuri kama unavyodhani, na ukiweka zote mbili unaua ubishi wa "kwani zamani si ilikuwa hivi hivi". Jedwali linatosha liwe hivi:

| Nani | Unalala wapi | Zamani, kwa usiku | Sasa, kwa usiku |
|---|---|---|---|
| Mameneja na maofisa | Dar es Salaam, Dodoma | 100,000 | 130,000 |
| Mameneja na maofisa | Kwingine kote | 80,000 | 100,000 |
| Madereva na wasaidizi | Dar es Salaam, Dodoma | 80,000 | 100,000 |
| Madereva na wasaidizi | Kwingine kote | 60,000 | 80,000 |

Mistari minne. Kama lako lina mistari kumi na saba yenye "miji mikuu ya mikoa", "makao makuu ya wilaya", "tarafa" na kadhalika, jiulize kama mhasibu mwenyewe analijaza bila kulifungua. Na kuwe na lile neno "kwingine kote", ukianza kutaja Ruangwa, Nachingwea, Tandahimba moja moja kuna siku mtu atalala Mangaka na Mangaka haimo kwenye orodha.

Dalili ya 2: Safari moja, madai matatu tofauti

Hapa ndo ugomvi wenyewe ulipo, na chanzo karibu kila mara ni kimoja, memo imesema inaanza lini lakini haijasema inaanza kwa kitu gani. Na hii ya mfano hata tarehe haina, imeandika "mara moja", sasa mara moja kuanzia kikao, kuanzia sahihi ya mkurugenzi au kuanzia ilipofika Newala siku tatu baadaye?

Wengi wakiligundua hilo wanakimbilia kuandika "kuanzia tarehe 1 Julai 2026" wakadhani wamemaliza, wakati bado nusu. Angalia. Ofisa wa programu anatoka Mtwara kwenda Nachingwea Jumapili tarehe 28 Juni, analala tarehe 28, 29, 30 na tarehe 1 Julai, anarudi Alhamisi tarehe 2. Masurufu yake alichukua Ijumaa tarehe 26. Fomu ya kurejesha masurufu anaileta Jumatatu tarehe 6 Julai. Jumla usiku nne, kiwango cha zamani 80,000, kipya 100,000.

Ofisa anasema fomu naileta Julai, kiwango cha Julai ni 100,000, mara nne ni 400,000. Mhasibu anasema safari ilianza Juni na hela ulichukua Juni, mara nne kwa 80,000 ni 320,000 na ulishapewa, tumemalizana. Meneja wake akijaribu kupatanisha anasema jamani kila usiku ulipwe kwa kiwango cha usiku huo, tatu za Juni 240,000 na moja ya Julai 100,000, jumla 340,000. Kati ya wa juu na wa chini kuna 80,000, na hakuna hata mmoja anayeweza kuonyeshwa kwenye memo kwamba amekosea.

Cheki ya haraka ya kujua kama memo yako ina ugonjwa huu: chukua safari kama hii inayokanyaga pande zote mbili za tarehe, wape watu wawili wasiokaa chumba kimoja waipigie hesabu kwa kutumia memo peke yake. Namba zikitofautiana, sentensi ya tarehe ndo mbovu.

Kuitibu unachagua kipimo kimoja kati ya vitatu. Tarehe ya kuondoka ni rahisi kuliko vyote kwa mhasibu, safari nzima inabeba kiwango kimoja, ubaya wake ni kwamba watu watasogeza safari, aliyetakiwa kuondoka tarehe 29 atapata udhuru mpaka tarehe 1. Tarehe ya kuleta fomu usiiguse hata kwa mbali, ukiiweka hiyo fomu zote za Juni zitalala kwenye mikoba mpaka Julai na za mwezi Mei zitafufuka. Usiku wenyewe unaolala ndo ninaoupendekeza mimi, hesabu inaongezeka kidogo lakini hauna mlango wa kuchezea, usiku wa tarehe 30 Juni ni wa tarehe 30 Juni ukae nao nyumbani au ukae nao Nachingwea.

Ukichagua huo sentensi inakuwa: "Viwango vipya ni kwa kila usiku unaolala nje kuanzia usiku wa Jumatano tarehe 1 Julai 2026. Usiku wowote kabla ya hapo unalipwa kwa kiwango cha zamani, hata kama fomu utaileta baadaye." Andika na jina la siku, Jumatano, linamsaidia mtu kushtuka kama tarehe imekosewa kuchapwa.

Halafu kuna kipande cha ndani zaidi ambacho kinasahaulika, wale walioshachukua masurufu. Yule ofisa alibeba 320,000, kwa kipimo cha usiku stahili yake ni 340,000, kwa hiyo anadai 20,000. Memo iseme anaipataje: "Aliyechukua masurufu kabla ya tarehe 1 Julai ataongezewa tofauti wakati wa kurejesha, haombi upya." Bila mstari huo atakuja na dokezo jipya la kuomba 20,000, lipite kwa meneja, lipite kwa mkurugenzi, karatasi na wino vimeshakula nusu yake.

Na ukishaanza kufikiria usiku, fikiria na usiku ambao haukupangwa. Huku kwetu siyo jambo la kubuni. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mvua zilikata barabara kuu ya kwenda Dar maeneo ya Somanga, Kilwa, waliokuwa njiani wakakwama upande huu na upande ule. Mtu aliyepewa usiku mbili akalala nne kwa sababu barabara haipo anastahili nini? Memo nyingi zimenyamaza, basi inabaki huruma ya bosi, huyu kalipwa yule kaambiwa hakuna kifungu. Weka sentensi moja tu kwamba usiku wa ziada kwa sababu ya barabara kukatika au gari kuharibika unalipwa kwa kiwango kile kile endapo msafiri alimjulisha msimamizi wake kwa simu au meseji siku hiyo hiyo. Meseji ndo ushahidi, usimdai barua mtu aliyekwama Somanga.

Dalili ya 3: Anayedai siye, na anayestahili hajadai

Ukiona fomu ya posho ya mtu aliyekwenda Mikindani na kurudi, au ukigundua mfanyakazi wa mkataba wa miezi sita amekuwa akisafiri kwa nauli tu bila kudai posho kwa sababu aliambiwa "hii ni ya watumishi", tatizo liko kwenye maneno mawili, "watumishi wote" na "nje ya kituo cha kazi". Yote mawili yanaonekana yanaeleweka mpaka hela iingie.

Anza na kituo cha kazi, ndo kinaleta zogo zaidi. Watu wanapenda kuandika "nje ya halmashauri" wakiona ni mpaka ulio wazi. Kwa mikoa yetu angalia vizuri kabla hujaandika hivyo. Masasi kuna Halmashauri ya Mji na kuna Halmashauri ya Wilaya. Newala vile vile. Ndanda iko wilaya ya Masasi lakini siyo kwenye Halmashauri ya Mji, kwa hiyo mtu wa ofisi ya Masasi mjini akienda Ndanda ametoka nje ya halmashauri yake ila hajatoka nje ya wilaya, neno moja tu linaamua kama unamlipa au humlipi. Na upande wa pili Mikindani iko ndani ya manispaa moja na Mtwara mjini, Mtwara-Mikindani, hapo hata kwa mpaka wa halmashauri hakuna posho.

Mimi ningeacha mipaka ya ramani nikashika kulala. Umelala nje ya mji unaoishi kwa kazi uliyotumwa na kwa kibali cha msimamizi, unalipwa posho ya usiku. Hujalala, hulipwi posho ya usiku. Kwenda Lindi na kurudi Mtwara siku hiyo hiyo, kilomita mia na kidogo kila upande, ni kazi ya kuchosha lakini siyo usiku, mpe hela ya chakula cha mchana, tuseme 20,000, kama ametoka nje ya mji wake kwa zaidi ya saa sita. Mtu wa Ndanda akirudi Masasi jioni anaangukia hapo hapo, akilala Ndanda kwa kibali analipwa usiku, na ubishi wa mji na wilaya unakwisha.

Kinachofuata ni chakula na malazi vilivyoshalipwa na mwenye warsha. Mwaliko unasema waandaaji watagharamia hoteli na milo yote, mfanyakazi bado anachukua posho kamili, na memo haijakataza. Amua asilimia uiandike pamoja na hesabu yake. Mfano ukisema atalipwa asilimia 20 tu, weka na namba, kwa ofisa anayelala wilayani ni 20,000 kwa usiku, kwa dereva ni 16,000. Watu wanagombana na asilimia, na shilingi hawagombani nayo. Kama waandaaji wanatoa chakula cha mchana peke yake usijisumbue kukata, utatumia muda wa mhasibu kuokoa hela ya wali samaki.

Aliyelala kwa shemeji yake je? Hili litaulizwa, Newala na Tandahimba nani hana ndugu. Ofisi nyingine zinadai risiti ya gesti, nyingine zinalipa kiwango kizima bila kuuliza ulilala wapi kwa sababu posho ya kiwango maana yake ndo hiyo, hulipwi kwa risiti. Vyovyote mtakavyoamua kiandikeni, maana memo ikinyamaza kila mhasibu atakuwa na sheria yake, wa Lindi anadai risiti wa Mtwara hadai. Kauli yangu mimi, ukishaamua kulipa kwa kiwango usirudi kudai risiti ya kulala, utazalisha risiti za gesti ambazo gesti zenyewe hazizijui.

Na "watumishi wote", itaje kwa majina ya mikataba: wa kudumu, wa mkataba wa muda, wa majaribio. Halafu taja ambao hawamo na wao wanaangalia wapi, mfano wajumbe wa kamati za vijiji na wakufunzi wa kukodi wana utaratibu wao. Mtu asiyemo akijua asome wapi hakupigii simu.

Kwa hiyo ile memo ikishatibiwa inasomeka hivi, pamoja na jedwali la juu:

"POSHO MPYA YA SAFARI, KUANZIA USIKU WA JUMATANO TAREHE 1 JULAI 2026

Viwango viko kwenye jedwali hapa chini. Ni kwa kila usiku unaolala nje ya mji unaoishi, kwa kazi uliyotumwa na kwa kibali cha msimamizi wako. Ndani yake kuna malazi, chakula na usafiri wa ndani ya mji. Nauli ya kwenda na kurudi inalipwa pembeni.

Wanaohusika ni wafanyakazi wa kudumu, wa mkataba wa muda na walio kwenye majaribio. Wajumbe wa kamati na wakufunzi wa kukodi wanaendelea na viwango vyao.

Safari ya kwenda na kurudi siku moja haina posho ya usiku. Ukitoka nje ya mji wako zaidi ya saa sita unalipwa 20,000 ya chakula. Ukigharamiwa hoteli na milo yote unalipwa asilimia 20 ya kiwango chako. Huhitaji kuleta risiti ya malazi.

Usiku wa kabla ya tarehe 1 Julai unalipwa kiwango cha zamani hata kama fomu utaileta baadaye. Uliyeshachukua masurufu utaongezewa tofauti wakati wa kurejesha. Ukikwama njiani mjulishe msimamizi siku hiyo hiyo, usiku wa ziada utalipwa.

Memo hii inafuta memo ya posho iliyotangulia. Mfano: Mtwara hadi Nachingwea, kuondoka 28 Juni, kurudi 2 Julai, ofisa: usiku 3 kwa 80,000 na usiku 1 kwa 100,000, jumla 340,000."

Ukurasa mmoja. Hata akipiga picha akarusha kwenye grupu kila kitu kimo.

Dalili ya 4: Memo iko sawa lakini fomu zinarudi na namba za zamani

Katikati ya Julai unakuta nusu ya fomu zina 80,000. Angalia fomu kabla hujamlaumu mtu. Mara nyingi fomu ya Excel iliyoko kwenye kompyuta za vituoni ina kiwango cha zamani kimechapwa humo humo na mtu anajaza tarehe tu. Badilisha fomu siku ile ile unayotoa memo, na kama mmechagua kipimo cha usiku basi fomu iwe na mstari mmoja kwa kila usiku, tarehe kwenye safu ya A, na kiwango kijitafute chenyewe. Kwa ofisa anayelala wilayani:

```
=IF(A2>=DATE(2026,7,1),100000,80000)
```

Ikileta 100,000 kwenye kila mstari hata wa Juni, tarehe zimeingia kama maandishi, Excel haizioni kama tarehe. Chapa `=ISNUMBER(A2)`, ikikujibu FALSE badilisha mpangilio wa safu uwe wa tarehe halafu uichape tarehe upya. Kwenye kompyuta nyingine mashine inasoma mwezi kwanza, sasa ukichapa 1/7/2026 inaelewa Januari 7 na kumpa mtu kiwango cha zamani kimya kimya, ndo maana ni salama kuchapa 2026-07-01.

Kama fomu iko sawa, sababu nyingine ni rasimu. Kuna rasimu iliyovuja kabla mkurugenzi hajasaini, ina 95,000 badala ya 100,000, na watu wameihifadhi kwenye simu. Memo ya mwisho iwe na namba ya kumbukumbu na tarehe ya kusainiwa pale juu, na iseme wazi inafuta nini. Sababu ya mwisho ni mwongozo wa fedha wa ofisi ambao bado una kiwango cha zamani, mkaguzi akija anashika mwongozo, hashiki memo, kwa hiyo kipengele hicho cha mwongozo kirekebishwe au kielekeze kwenye memo.

Dalili ya 5: "Hii siyo kuboresha, mmetupunguzia"

Hapa acha kalamu kwanza. Cheki rahisi ni kupigia hesabu mtu mmoja wa kila kundi, zamani na sasa, kwa safari zao za kawaida. Inawezekana kabisa kiwango kimepanda lakini mapato yameshuka, mfano dereva aliyekuwa analipwa posho nzima kwa safari ya Lindi kwenda na kurudi sasa anapata 20,000. Kama ni hivyo memo iliyoandika "kuboresha" imemdanganya na ameshaona. Andika waziwazi nini kimepanda na nini kimepungua.

Ila kama posho au kiwango chake kimo ndani ya mkataba wa ajira wa mtu, hilo halirekebishwi kwa kupanga maneno ya memo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akibadilisha maelezo ya maandishi ya ajira ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Simama, toa mkataba, mpelekee mwanasheria wa kazi kabla ya memo kutoka, maana ikishatoka mkashindwana njia inaelekea Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Simama pia kama mmelipa zaidi mkataka kurudisha. Ofisa aliyepewa 400,000 badala ya 340,000 ana 60,000 ya ofisi, lakini usiikate kwenye mshahara wa mwezi ujao kimya kimya kwa kuwa memo imesema. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo kimeweka masharti ya makato, kwa deni kama hili mnahitaji akubali kwa maandishi. Muite, muonyeshe hesabu ya usiku kwa usiku, akisaini mnaendelea, akikataa ni la mwanasheria.

La kodi nalo mwachie mtaalamu. Posho inayorudisha gharama ya safari ya kikazi ni kitu kimoja, posho ya kila mwezi inayolipwa hata kwa asiyesafiri inaweza kuhesabiwa mapato ya ajira na kukatwa kodi kama mshahara. Ukiona memo yako imeanza kuwapa hela watu ambao hawajatoka ofisini, uliza mhasibu mwenye cheti au TRA kabla ya kusaini.

Na kama hela ni ya mfadhili, fungua bajeti ya mradi uangalie mstari wa posho una kiwango gani. Kuna miradi iliyosainiwa kwa 80,000 kwa usiku, nyie mkitangaza 100,000 ile 20,000 mkaguzi atawarudishia muilipe wenyewe, kwa hiyo pata kibali chao kwa maandishi au sema kwenye memo kwamba safari za mradi huo zinabaki na kiwango chake mpaka mtakapojulishwa.

Wa halmashauri na taasisi za serikali wao hawatungi viwango, vinatoka juu kwa waraka, kama vile vilivyopandishwa kuanzia 1 Julai 2022. Kazi yako hapo ni kuufikisha waraka kwa watu, unaweza kuuwekea jedwali na mfano wa safari kurahisisha, ila usiongeze sharti la kwako na palipo na utata muulize afisa utumishi au mweka hazina, usijaze wewe.